Droo ya Vibanda: Itakavyoendeshwa, Watakaoshuhudia na Lini Itarudiwa

Haya ni mazungumzo ya afisa wa masoko mbele ya wafanyabiashara, Kakamega. Tumeyachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuacha biashara zao kuja mkutanoni.

Najua saa hizi ndizo za kuuza mboga kabla jua halijaikausha, na kuna waliomwachia jirani meza ili waje hapa. Kwa hivyo nitaingia kwenye jambo lenyewe.

Masoko ni kazi ya serikali ya kaunti. Limeandikwa hivyo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili, kwamba ukuzaji na usimamizi wa biashara, pamoja na masoko, uko mikononi mwa kaunti. Tukisema vibanda vitagawanywa, basi, ni sisi tunaogawanya, na ni sisi mtakaotuuliza. Wanaotaka vibanda ni wengi kuliko vibanda vyenyewe. Hilo halina mjadala. Hesabu ya kibanda ni ya mabati na saruji, haiongezeki kwa maombi. Swali ni nani atapata na nani atangoja, na nani ataamua. Jibu letu ni kwamba hakuna mtu atakayeamua. Vitaokotwa kwa droo, mchana, mbele yenu.

Baadhi yenu mnaita jambo hili kura. Ni sawa, ila msilichanganye na kura ya kuchagua mwakilishi wadi. Hapa hakuna kampeni, hakuna mgombea, na hakuna anayeweza kukuahidi chochote. Akija mtu kukuambia kwamba kwa pesa kidogo atahakikisha nambari yako inatoka, ujue anauza kitu asichokuwa nacho. Kuingia kwenye droo hakulipiwi.

Nianze na daftari, kwa sababu huko ndiko ugomvi mwingi huanzia, hata kama watu huonyesha kidole kwenye pipa.

Kuna watu wa aina mbili katika daftari la soko. Wa kwanza ni wale waliokuwa wakifanya biashara mahali hapa kabla ya ujenzi, wakahamishwa ili mafundi waingie. Hawa hawaingii kwenye droo ya kupata au kukosa. Nafasi yao ipo. Droo yao ni ya kujua tu ni kibanda kipi, kwa sababu vibanda vipya havilingani na meza za zamani na hakuna njia ya kumrudisha kila mtu alipokuwa. Wa pili ni waombaji wapya, wakiwemo wale wanaouza kando ya barabara au mlangoni pa soko bila kuwa na nafasi ndani. Hawa ndio watakaogombea vibanda vinavyobaki.

Mnaona basi kwamba kuandikwa kwenye orodha ya kwanza au ya pili ni jambo kubwa kuliko nambari yoyote itakayotoka pipani. Mtu ambaye hakuwahi kuuza hapa akipenyezwa kwenye orodha ya waliohamishwa, amepata kibanda bila droo, na amemnyang'anya muombaji mpya nafasi ambayo haitaonekana imepotea. Pipa litakuwa safi kabisa na wizi utakuwa umeshafanyika. Ndiyo maana orodha zote mbili zitabandikwa ukutani kwenye ofisi ya soko na ofisi ya wadi kwa siku 14 kabla ya droo. Zitaonyesha jina, bidhaa, na tarakimu tatu za mwisho za kitambulisho. Hatubandiki nambari nzima ya kitambulisho wala ya simu, kwa sababu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatutaka tulinde habari za watu, na pia kwa sababu matapeli wanapenda sana kuta za ofisi.

Njooni mzisome. Msitafute jina lako tu. Soma na ya jirani. Ninyi ndio mnaojua nani alikuwa akiuza omena pale kwenye kona na nani hakuwahi kuonekana. Na mwangalie majina kwa makini, maana sokoni mtu hujulikana kwa jina la mtoto wake, kisha kitambulisho kina jina lingine kabisa. Mama Fulani ambaye kila mtu anamjua anaweza kuonekana mgeni kwenye karatasi. Kama ni wewe, njoo na kitambulisho na risiti yoyote ya zamani ya ushuru wa soko. Kama risiti zilipotea, njoo na majirani wawili waliokuwa na meza karibu nawe na ambao wenyewe wako kwenye orodha. Siku ya 14 jioni orodha inafungwa, inatiwa sahihi na kamati, na baada ya hapo hakuna jina linaloongezwa, liwe la nani.

Sasa tufike kwenye droo yenyewe. Nitachukua mfano ili tuende pamoja. Hizi si hesabu za soko letu, ni za kueleza tu. Sema sehemu ya mboga ina vibanda 20 vilivyobaki, na waombaji wapya ni 50.

Kila muombaji ana nambari, kuanzia 1 hadi 50, iliyo kando ya jina lake kwenye orodha. Tutakuwa na vifuniko 50 vya plastiki, rangi moja, ukubwa mmoja, kila kimoja na nambari yake. Vitawekwa mezani vikiwa wazi, na mashahidi watavihesabu kwa sauti, kimoja kimoja, mpaka 50. Ndipo viingizwe kwenye pipa la kwanza. Kuna pipa la pili lenye vifuniko 20, ambavyo ni nambari za vibanda. Navyo vinahesabiwa hivyo hivyo.

Mtu atakayeokota hatakuwa muombaji wala mfanyakazi wa kaunti wala mwanakamati. Atafungwa leso machoni, atakunja mikono ya shati, na ataokota kifuniko kimoja tu. Kikitoka kitasomwa kwa sauti, kitaonyeshwa kwa mashahidi, kitaandikwa. Tukipata kwa mfano 37, aliye na nambari 37 ndiye wa kwanza. Kisha pipa la pili: tukiokota 12, mtu wa 37 amepata kibanda cha 12. Tunaendelea hivyo mpaka vibanda 20 viishe.

Hapo watu wengi hufikiri kazi imekwisha na kuanza kutawanyika. Bado. Pipa la kwanza lina vifuniko 30 ndani. Tutaendelea kuviokota mpaka cha mwisho, kwa utaratibu ule ule, mbele ya mashahidi wale wale. Anayetoka wa 21 ndiye nambari moja kwenye orodha ya akiba. Wa 22 ni nambari mbili. Mpaka wa 50, ambaye ni wa 30 kwenye akiba. Nitarudi kwa orodha hii, kwa maana kwangu mimi ndiyo nusu ya pili ya droo, na ndiyo nusu inayohitaji macho zaidi.

Kabla ya hapo, niondoe wasiwasi mmoja. Watu husema, afadhali kuokotwa mapema, ukibaki nyuma vibanda vizuri na nafasi zinaisha. Chukua watu watatu na vifuniko vitatu, kimoja kina alama ya kibanda. Wa kwanza ana nafasi moja kati ya tatu. Wa tatu je? Ili apate, lazima wawili wa mbele wakose, lakini wakikosa, kile kilichobaki ni chake bila shaka. Ukikokotoa, naye ana nafasi moja kati ya tatu, kama wa kwanza. Foleni haibadilishi kitu. Vivyo hivyo, aliyejiandikisha siku ya kwanza na aliyekuja siku ya mwisho kabla ya kufunga wana nafasi sawa. Katika mfano wetu kila mmoja ana nafasi 20 kati ya 50, yaani mbili kati ya tano.

Lakini usawa huo upo tu kama vifuniko vimechanganywa sawasawa, na hili si jambo dogo. Tarehe 1 Desemba 1969, Marekani ilifanya droo ya kuamua vijana gani waitwe jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Waliandika tarehe zote 366 za kuzaliwa, kila moja ndani ya kidonge chake cha plastiki. Wakavitia kisandukuni mwezi baada ya mwezi, Januari kwanza, Desemba mwisho, wakavitikisa, wakavimimina kwenye chombo cha kioo na kuanza kuokota. Hakuna aliyeiba. Vidonge havikuchanganyika vya kutosha, basi. Za miezi ya mwisho zilitoka mapema mno: kati ya siku 31 za Desemba, 26 ziliangukia nambari ambazo baadaye ziliitwa jeshini. Kijana aliyezaliwa Desemba alikuwa kwenye hatari kubwa kuliko wa Januari kwa sababu tu ya jinsi kisanduku kilivyojazwa. Mwaka uliofuata walibadilisha utaratibu, wakatumia mapipa mawili, moja la tarehe na moja la nambari.

Ndiyo sababu sisi pia tuna mapipa mawili, na ndiyo sababu vifuniko vitavurugwa mezani kwanza, kama mtu anayechagua maharagwe kwenye ungo, kabla havijaingia pipani. Visiingizwe kwa mpangilio wa 1, 2, 3. Pipa litazungushwa mara 20 kabla ya kuokota cha kwanza, na mara tano baada ya kila kifuniko. Mtu akisema tunapoteza wakati, mwambieni angoje.

Na kwa nini vifuniko vya namna moja, si vikaratasi vilivyokunjwa? Kwa sababu kidole kina macho. Karatasi iliyokunjwa vizuri zaidi, au yenye pembe ngumu, inajulikana kwa kuguswa. Mwaka wa 1980, huko huko Marekani, katika bahati nasibu ya jimbo la Pensilvania, watu walitia rangi kwa sindano ndani ya vimpira vyote isipokuwa vya 4 na 6, ili vingine viwe vizito visipande juu. Ikatoka 666, na baadaye wakakamatwa. Uzito kidogo tu ulitosha. Shahidi akitaka kushika vifuniko, kuvipima mkononi na kuvilinganisha kabla havijaingia pipani, ana haki hiyo. Vikishaingia, hagusi tena.

Hilo linanileta kwa mashahidi. Tutakuwa nao saba. Watatu watachaguliwa na ninyi wafanyabiashara, lakini kwa kubadilishana: shahidi wa droo ya mboga atoke kwenye mitumba au nafaka, na wa mitumba atoke kwenye mboga au samaki, ili asiwepo anayeshuhudia pipa lenye nambari yake. Mmoja atatoka ofisi ya chifu. Mmoja ni wa viongozi wa dini. Mmoja atawakilisha watu wenye ulemavu, ambao vibanda vyao vya chini, vilivyo karibu na njia pana, vitaokotwa kwanza kwa pipa lao. Asiyepata hapo anaingia kwenye pipa la wote. Wa saba atachaguliwa papo hapo kutoka kwa umati.

Kazi yao si kukaa meza ya mbele na kupewa maji. Wanahesabu vifuniko kabla. Wanasoma kila nambari inayotoka. Wawili kati yao wataandika, kila mmoja katika daftari lake, bila kutazama la mwenzake, na baada ya kila vifuniko kumi madaftari yanalinganishwa kwa sauti. Yakitofautiana tunasimama hapo hapo, wakati kila mtu bado anakumbuka. Mwisho wanahesabu vifuniko vilivyotoka: lazima viwe 50, na pipa liwe tupu, ligeuzwe juu chini mlione. Kila ukurasa unatiwa sahihi na wote saba. Mwenye simu apige picha za kurasa hizo. Hatukatazi, tunaomba mfanye hivyo. Picha zikiwa kwenye simu za watu hamsini, karatasi haibadiliki usiku.

Shahidi akiona jambo, ainue mkono kabla ya kifuniko kinachofuata kuokotwa. Droo inasimama, anasema aliloliona, linaandikwa. Shahidi anayekataa kutia sahihi halazimishwi, ila ataandika sababu kwa mkono wake kwenye ukurasa ule ule. Sahihi sita zenye sababu moja iliyoandikwa ni bora kwetu kuliko sahihi saba za kubembelezwa.

Sasa, lini droo itarudiwa? Hapa naomba mnisikilize vizuri kidogo, maana siku yenyewe patakuwa na kelele.

Itarudiwa kama hesabu ya vifuniko haikulingana na orodha, mwanzoni au mwishoni. Tukikuta 49 badala ya 50, au nambari moja imetoka mara mbili, kila kilichookotwa kwenye sehemu hiyo kinafutwa na tunaanza upya, kwa sababu kuna mtu ambaye hakuwa na nafasi au aliyekuwa na mbili. Itarudiwa pia kama pipa liliondoka machoni pa mashahidi kwa muda wowote bila kufungwa. Na tukirudia, tunarudia sehemu nzima, si kifuniko kimoja. Ila sehemu nyingine haziguswi. Kosa kwenye mboga halifuti mitumba.

Mambo mengine hayasababishi kurudia. Vifuniko viwili vikitoka pamoja, vyote vinarudi ndani na pipa linazungushwa. Kikianguka chini kabla ya kusomwa, kinarudi. Kikishasomwa, kimesomwa. Mvua ikinyesha, na hapa Kakamega mvua ya alasiri haiombi ruhusa, pipa linafungwa kwa utepe, mashahidi wanatia sahihi juu ya utepe, na tunaendelea kutoka pale pale tulipoachia mvua ikipita. Hatuanzi upya. Aliyeokotwa na hayupo hapotezi chochote; nambari yake inabaki yake. Ikigunduliwa kwamba mshindi alikuwa na kibanda tayari mahali pengine katika soko hili, au alijiandikisha mara mbili, anaondolewa, na kibanda chake kinakwenda kwa nambari moja wa akiba. Hilo nalo si sababu ya kurudia.

Na halirudiwi kwa sababu watu hawakufurahi. Nitawaonyesha kwa hesabu kwa nini tumekuwa wakali hapa. Katika mfano wetu kila mtu ana nafasi 40 kati ya 100 ya kupata, na 60 ya kukosa. Sema yuko mtu mwenye sauti kubwa, au mwenye rafiki ofisini, anayeweza kufanya droo irudiwe mara moja akikosa. Ili akose kabisa sasa lazima akose mara mbili mfululizo. Sitini ya sitini kwa mia ni 36. Kwa hivyo nafasi yake ya kupata imepanda kutoka 40 hadi 64 kati ya 100, bila kugusa kifuniko hata kimoja. Na hao nyongeza wametoka wapi? Wametoka kwa mama aliyepata mara ya kwanza, akashangilia, akapiga simu nyumbani, kisha akaambiwa tunaanza tena. Kwa hiyo sababu za kurudia zimeandikwa leo, kabla hatujajua nani atapata. Siku ya droo hatutatunga nyingine.

Nirudi kwa orodha ya akiba. Wanaokwenda Bukhungu wanajua mchezaji wa akiba. Anakaa benchi, na akiumia mtu uwanjani, kocha anaangalia benchi na kumchagua amtakaye. Akiba yetu haiko hivyo. Hapa hakuna kocha. Anaingia nambari moja, kisha nambari mbili, kwa mpangilio ulioandikwa siku ya droo na kutiwa sahihi.

Kwa nini nasema hii ndiyo nusu inayohitaji macho? Kwa sababu siku ya droo watu wapo mia tatu, na baada ya miezi minne hakuna mtu. Kibanda kinaachwa wazi kimya kimya. Mwenye nacho amehamia kwa watoto, au biashara imekwama, au hakuwahi kufungua. Kama hakuna orodha, mwenye funguo ofisini ndiye anayekigawa, na hata akikigawa kwa haki hakuna atakayemwamini. Orodha ya akiba inamwondolea afisa kitu cha kugawa. Mimi mwenyewe ni afisa, na nafurahi kuondolewa mzigo huo.

Utaratibu ni huu. Aliyepata ana siku 30 za kufungua biashara. Asipofungua na hakuleta sababu, kama ugonjwa au msiba, kibanda kinatangazwa kiko wazi, kwa karatasi ukutani yenye nambari ya kibanda na tarehe. Wa kwanza kwenye akiba anapigiwa simu mara mbili, siku mbili tofauti, na jina lake linabandikwa. Ana siku saba za kujibu. Akinyamaza, anapitwa, na tunamwandikia sababu. Akikataa kibanda, anakwenda mwisho wa orodha.

Najua hili la mwisho linaumiza. Kuna atakayepewa kibanda cha nyuma kabisa, karibu na jaa la taka, na atatamani kungoja cha langoni. Tulifikiria kumruhusu akatae na abaki wa kwanza. Lakini hebu waza: wa kwanza anakataa, wa pili anakataa, kila mmoja anangoja kibanda kizuri, na kile cha nyuma kinakaa bure mwaka mzima huku mtu wa 15 kwenye orodha, ambaye angekichukua kesho, anauza juani. Wawili waliopata wakitaka kubadilishana vibanda, ndani ya sehemu moja, waje wote wawili ofisini na vitambulisho ndani ya siku 14. Tutaandika bila malipo. Kubadilishana ni halali. Kuuza si halali.

Orodha ya akiba inaishi miezi 12, kisha inafutwa. Ikidumu zaidi inajaa watu waliohama au waliopata kwingine, na wafanyabiashara wapya hawaoni mlango. Baada ya hapo vibanda vilivyo wazi vinasubiri droo nyingine, na aliyekosa anajiandikisha tena kama wengine wote, bila alama ya ziada kwa kuwa alikosa.

Mtajuaje kama orodha inafuatwa? Angalieni mambo mawili. La kwanza, kibanda kikifungwa wiki baada ya wiki na hakuna karatasi ukutani, ulizeni. La pili ni gumu kidogo: kibanda kiko wazi, kinauza, lakini anayeuza si aliyeokotwa, na kila mwisho wa mwezi anapeleka pesa kwa mtu ambaye hamjamwona tangu siku ya droo. Huyo amekodishiwa. Mtoto, mke, mume au mfanyakazi akikaa kibandani si kosa. Kosa ni mwenye kibanda kukaa nyumbani na kula kodi ya kitu cha umma. Tukithibitisha, kibanda kinarudi na akiba inaitwa. Ila aliyekodi, ambaye mara nyingi ni maskini kuliko aliyemkodisha, hachukui kibanda hicho kwa sababu tu yuko ndani. Kama yuko kwenye akiba, anangoja zamu yake. Mtaniambia ni ukali. Ni kweli, lakini tukilegeza hapo, kila mtu atakodi kwanza ili aruke foleni.

Asiyeridhika aandike barua kwa ofisi ya soko ndani ya siku 14. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na ofisi ya umma, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Kwa hiyo tutajibu kwa maandishi. Ukitaka nakala ya kurasa za droo au ya orodha ya akiba ilivyo leo, iombe chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Tunapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Tusipokujibu, iko Tume ya Haki za Kiutawala, inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi kama yetu.

Mwenyekiti ameniuliza pembeni kama mtu anaweza kutuma mwakilishi. Anaweza, akiwa na barua yenye sahihi na nakala ya kitambulisho, lakini si lazima, maana nimesema asiyekuwepo hapotezi nambari yake. Na mama pale nyuma ameuliza kama anayeuza kuku na mboga aandikwe wapi. Chagua sehemu moja, mama, ile inayokulisha zaidi. Ukiandikwa kote kuwili, jina lako litaondolewa moja kabla ya orodha kufungwa, na huenda likaondolewa lile ulilolitaka. Orodha zinabandikwa kwanza, na tarehe ya droo itaandikwa juu ya karatasi hiyo hiyo. Njooni na vitambulisho vyenu vya asili, si picha kwenye simu.